Kabla ya Kutuma Shukrani za Familia Baada ya Mazishi

Ujumbe wa shukrani baada ya mazishi huandikwa wakati familia imechoka, na hapa Nairobi kazi hiyo mara nyingi huangukia kijana mmoja ambaye nusu ya watu anaowashukuru hajawahi kukutana nao. Kwa hiyo, kabla hajaandika neno lolote, apewe karatasi tatu: orodha ya michango kutoka kwa mweka hazina wa kamati, ratiba ya ibada iliyochapishwa, na tangazo la kifo. Ya kwanza itampa majina, ya pili vyeo, na ya tatu tarehe.

Orodha ya michango ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu majina yake hutoka M-Pesa, na jina linaloonekana M-Pesa ni la mtu aliyesajili laini, ambaye si lazima awe ndiye aliyetoa mchango. Shangazi aliyetuma pesa kwa simu ya mwanawe ataonekana kwa jina la mwanawe, na chama cha akina mama kilichokusanya kwa mwekahazina wake kitaonekana kama mtu mmoja mkarimu kupita kiasi. Hata pale ambapo mtumaji ndiye mtoaji, jina la kitambulisho huenda lisiwe lile analojulikana nalo kanisani au mtaani. Mweka hazina apitie kila jina asilolitambua, na panapobaki shaka apige simu aulize kwa heshima: “Samahani mama, kwenye shukrani tuliandike jina lako vipi?” Hakuna anayeudhika kwa kuulizwa hivyo.

Jina likishajulikana, linakiliwe herufi kwa herufi. Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke. Ndivyo ilivyo kwa Kibet na Chebet, na Wanjiku hawezi kuandikwa Wanjiru kwa kudhani kwamba ni yaleyale. Kisahihishi cha simu kizimwe wakati wa kuchapa, kwani hakiyajui majina haya na hukibadilisha kile ambacho mwandishi alikuwa amekiandika sawasawa.

Neno “marehemu” linahitaji kuangaliwa peke yake. Sentensi kama “Familia ya marehemu Mzee Otieno na Mama Atieno inawashukuru” inaweza kusomwa kana kwamba wote wawili wamefariki, ilhali mama yuko sebuleni akipokea wageni. Heri kumtanguliza aliye hai: “Mama Atieno, pamoja na watoto na wajukuu wa marehemu Mzee Otieno, wanawashukuru.” Na kama maneno yamechukuliwa kutoka kwa shukrani za familia nyingine, jambo ambalo wengi hufanya na si kosa, litafutwe jina la yule marehemu wa kwanza katika ujumbe mzima, maana hupenda kubaki kwenye aya ya mwisho ambako macho yamekwisha choka.

Vyeo vifuatwe kama vilivyo kwenye ratiba. Padri asiitwe Mchungaji, na mwakilishi wadi aliyeshindwa uchaguzi uliopita asipewe kiti ambacho sasa kinakaliwa na mwingine aliyehudhuria mazishi hayohayo.

Kwa tarehe, kalenda ifunguliwe, siku na tarehe zilinganishwe. Tuseme mzee alizaliwa Novemba 1948, akafariki mwanzoni mwa Juni 2025 na kuzikwa Jumamosi tarehe 14 mwezi huo. Anayetoa mwaka kwa mwaka atapata miaka 77, lakini kwa kuwa Novemba ilikuwa haijafika, mzee alikuwa na miaka 76. Ikiwa ujumbe unataja pia ibada ya shukrani, saa iangaliwe: 10:00 ya asubuhi kwenye simu ni saa nne, na aliyeandika “saa 10 asubuhi” amewaita watu kabla ya jua kuchomoza.

Rasimu ikikamilika isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili, mmoja wa upande wa mume na mwingine wa upande wa mke, kwa sababu kila upande huona haraka kosa lililo kwa watu wake na hupitwa na la upande wa pili. Kisha itumwe kwanza kwa mmoja wao, ionekane ilivyo kwenye simu, ndipo iende kwenye kundi. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu utumwe, huku ikionyesha kwamba umehaririwa. Kwa hiyo aliyetuma abaki na simu mkononi kwa muda huo, asiiweke chaji na kwenda kulala. Ujumbe mfupi wa kawaida haurekebishiki ukishatoka, na ukionekana na kosa katika jina, anayestahili kupigiwa simu kwanza ni mwenye jina, kabla ya kundi kutumiwa masahihisho.