Kabla hujatuma muhtasari wa simu uliyorekodi, toa hivi kwanza

Naandika hii kwa wale wenzangu wa Kigoma mnaopokea simu za malalamiko, iwe ya wavuvi, akina mama wa dagaa, wakulima wa michikichi, vyovyote vile, halafu mwisho wa wiki mnaandika muhtasari unaenda kwa wafadhili au kwenye kikao cha wadau. Kuna vitu vinatakiwa vitoke kabla hujabonyeza kutuma, na wengi wanatoa nusu tu halafu wanaridhika.

Kwanza jua anayesoma ni nani na anataka kufanya nini na hiyo karatasi, maana hapo ndo utajua cha kubakisha.

Jina toa. Herufi za mwanzo za jina nazo toa, hizi M.J. na A.S. hazifichi kitu kwa mtu anayemjua. Andika Mpigaji 1, Mpigaji 2, na daftari linaloonyesha nani ni nani likae kwenu, sio kwenye faili moja na muhtasari.

Namba ya simu toa yote. Kuna watu wanaficha tarakimu mbili za mwisho, sasa hapo umeficha nini, zinabaki namba 100 tu za kujaribu, na kila mtu anajua ukitaka kumtumia mtu hela kwa simu jina lake linakuja kabla hujathibitisha. Namba ya NIDA ndo usiseme, ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku, kwa hiyo hata ukibakisha kipande cha mbele tu umeshatoa umri wake wote.

Haya, hayo kila mtu anayajua. Sasa njooni kwenye hili linaloumiza watu.

Kuna ofisi moja, siitaji, ilikuwa inapokea simu za akina mama wanaokausha dagaa mwaloni wakilalamikia mikopo ya kausha damu. Mama mmoja akapiga, akaongea kwa uchungu, dada aliyepokea akaandika muhtasari mzuri tu na jina akatoa, namba akatoa, akaamini kamaliza. Karatasi ikasomeka hivi (na hapa nimebadilisha vitu, msihangaike kutafuta): mpigaji ni mjane wa miaka 41, mama wa mapacha, anakausha dagaa Kibirizi, mumewe alifia ziwani mwaka jana, alikopa 1,350,000 tarehe 9 Februari, afisa mikopo alimchukulia vichanja na jenereta Jumatano bila barua wala risiti, na anaomba ndugu wa marehemu wasijue kuhusu deni.

Ikapelekwa kwenye kikao. Karatasi haijazunguka meza nzima mtu mmoja anasema "aa, huyu si Mama Pacha wa kule chini?" Basi, imeisha hiyo. Na mezani alikuwepo mtu wa kampuni ile ile ya mikopo, yeye wala hakuhitaji mapacha, akarudi ofisini akafungua kitabu akatafuta nani alichukua 1,350,000 tarehe 9 Februari, mtu mmoja tu. Jioni afisa mikopo yuko mlangoni kwa mama na nakala mkononi anamuuliza umetusema wapi, na kwa kuwa alifoka mbele ya watu, shemeji zake wakajua deni, ikageuka kesi ya mali za marehemu. Yule mama hakupiga simu tena na wenzake wa mwaloni nao wakaacha kupiga.

Angalieni kilichotokea hapo. Hakuna hata sentensi moja iliyomtaja. Wanaokausha dagaa ni wengi, wajane nao wapo, wenye mapacha wapo, ila mjane mwenye mapacha ambaye mume kafia ziwani mwaka jana kwenye mwalo mmoja, ni nani mwingine? Kila ukiongeza kitu kimoja duara linabana mpaka anabaki mtu mmoja kasimama katikati. Halafu wasomaji walikuwa wa aina mbili na kila mmoja alimkamata kwa kitu tofauti: jirani alimjua kwa familia, mkopeshaji alimjua kwa kiasi na tarehe. Ndo maana ukikagua kwa macho yako mwenyewe haitoshi. Soma mara ya kwanza kama mtu anayeuza mihogo pale mwaloni, soma mara ya pili kama mtu mwenye vitabu vya hesabu, kisha jiulize kama bado humpati.

Ingeandikwaje? Kikao kilitaka kujua kitu kimoja, wakopeshaji wanabeba vitendea kazi bila taarifa. Basi ingetosha: "Mwanamke anayefanya biashara ya dagaa katika mwalo mmoja mkoani Kigoma alikopa zaidi ya shilingi milioni moja mwanzoni mwa mwaka. Alipochelewa kulipa, vifaa vyake vya kazi vilichukuliwa bila barua wala risiti." Mapacha wametoka, mume katoka, umri umetoka, mwalo umekuwa mkoa, tarehe imekuwa mwanzoni mwa mwaka, na lalamiko limebaki lote na meno yake. Lile ombi la kuficha deni lisingetakiwa kuonekana hata kwa mbali, ukimwandikia mtu wa nje kwamba fulani ana siri umeshamwonyesha pa kuchimba.

Kuna wakati hata ukipanua hivyo haifichiki, mfano mwalo mzima mwanamke mwenye boti ni mmoja. Hapo una njia mbili, mpigie umsomee ulichoandika neno kwa neno akubali au akatae, ama uchanganye lalamiko lake na simu nyingine zinazofanana uandike "wapigaji kadhaa". Kama hakuna nyingine inayofanana na yeye kakataa, haiendi.

Maneno yake mwenyewe pia punguzeni. Najua wafadhili wanapenda nukuu, lakini mtu ana msemo wake, ana Kiha chake cha Kasulu au cha kandokando ya ziwa, watu wanasoma wanamsikia. Na wale aliowataja kwenye simu, mtoto, jirani, mwenyekiti wa kitongoji, hao hawakukupigia, watoe wote.

Ugonjwa, watoto, miamala ya hela, hizo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinahesabiwa taarifa nyeti, kwa hiyo usilete habari za "nilisahau tu".

Mengine madogo madogo. Angalia jina la faili, programu nyingi za kurekodi simu zinaweka namba na saa kwenye jina na wewe unaliacha hivyo hivyo. Kupaka rangi nyeusi juu ya jina kwenye Word hakufuti kitu, mtu ananakili anabandika pengine anasoma, futa kabisa. Usipige skrinshoti ya orodha ya simu. Na wakiomba rekodi yenyewe eti kwa ajili ya kuhakiki, waje ofisini waongee na bosi, usiwarushie wasap.