Rafiki akikualika mkutano wa kampeni na hutaki kwenda

Hapa Uganda mwaliko wa mkutano wa kampeni hauji mtupu. Huja na fulana: ya njano kwa NRM, nyekundu kwa NUP, bluu kwa FDC. Usipokwenda, rafiki anaweza kudhani uko upande wa pili. Nieleze nilivyofanya hapa Jinja, jirani yangu wa stejini aliponiletea fulana Ijumaa jioni kwa mkutano wa Jumapili.

1. Jibu siku hiyo hiyo. Taksi ina viti 14 naye anahesabu vichwa. Ukimwambia "nitajaribu", amekuwekea kiti. Asubuhi asipokuona, hapo ndipo ugomvi unaanzia.

2. Sababu iwe yako, chama chake usikiguse. Nilimwambia: "Asante kwa kunikumbuka, ndugu yangu. Mimi siendi mikutano ya chama chochote, dukani kwangu wanaingia watu wa rangi zote." Lakini sema hivyo ikiwa ni kweli. Kama mikutano mingine unakwenda, sema tu, "Huu siendi." Na usijisingizie ugonjwa, maana rafiki wa kweli atakuja kukujulia hali na matoke mkononi.

3. Rudisha fulana. Niliikunja nikampa jioni ile ile, ampe mwingine. Ukiipokea halafu aione imegeuka tambara la kupigia deki, ameona dharau, na hakuna maneno yatakayoifuta.

4. Jumatatu muulize habari za safari. "Mlirudi salama?" inatosha. Usimuulize "Mlipewa shilingi ngapi?" Watu wengi huteleza hapo. Swali hilo linamwambia kwamba hana imani yake, kanunuliwa. Jirani yangu alikuwa amesimama juani tangu asubuhi kwa sababu anaamini. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Maswali mliyoniuliza

*Mimi niko Arua. Rafiki yangu mlokole ananialika kesha la Desemba 31, anasema ananiombea sana.*
Dada, pokea dua, kataa safari: "Asante kwa kuniombea, endelea. Usiku huo nitasali kwetu." Usiingie kwenye mabishano ya aya. Ukianza kuthibitisha dini yako, mwaliko umekuwa mdahalo.

*Akirudi mara ya tatu?*
Rudia sentensi ile ile. Kila sababu mpya ni tatizo atakalolitatua. Ukisema huna nauli, atalipa. Ukisema watoto, ataleta dada yake awaangalie.

*Na anayenialika akiwa mwenyekiti wetu wa LC1?*
Huyo ni mzito zaidi, mzee wangu, kwa sababu barua yako ya utambulisho inapita mikononi mwake. Usimkatalie barazani mbele ya watu. Nenda kwake jioni, msalimie, ulizia nyumbani, kisha umwambie mkiwa wawili. Mkutano wa kijiji anaouitisha kama mwenyekiti ni jambo jingine. Huo nenda.