Mkoba wa ukili na "give" tatu

Mwanafunzi wangu mmoja huuza mikoba ya ukili Darajani. Mgeni alimbana bei mpaka akachoka, akasema: "OK, I give it away." Mgeni akatabasamu, akarudisha pochi mfukoni, akachukua mkoba. Hakuiba, aliambiwa anapewa bure. Alichotaka kusema muuzaji ni "I give in".

Hatua ya 1: usiifasiri "give" peke yake. Sisi tunageuza maana ndani ya kitenzi: enda, endea, endelea. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kikaongeza kineno nyuma yake, na hicho ndicho cha kusikiliza.

Hatua ya 2: jiulize mapatano yameishaje. Ulitaka 30,000, mgeni kang'ang'ania 20,000, ukalegea ukamuuzia: "I gave in." Ukichoka ukarudisha mkoba kwenye kamba: "I gave up." Mkoba umekwenda na pesa hazikuja: "I gave it away."

Mbili za mwanzo ndizo zinazosumbua, kwa sababu zote zina kushindwa ndani yake. Kwenye "give in" yupo anayekusukuma, nawe unampa anachotaka. "Give up" ni kuacha ulichokuwa ukikifanya au ukikijaribu, hata kama hakuna aliyekushinikiza. Kumbukeni vitendawili: unafikiri, unakwama, unasema "nakupa mji". Hapo Mwingereza husema "I give up."

Hatua ya 3: tazama kinachofuata. Unayemkubalia hutanguliwa na "to": "I gave in to him." Jina la kitu linaweza kukaa popote: "gave away the bag" au "gave the bag away". Lakini "it" na "them" lazima zikae katikati. "Gave away it" ni kosa.

MASWALI

Mwanachama wa Wete: Shikamoo mwalimu. Niliandika "I gave up to sell", nikakatwa alama. Kwa nini?

Marahaba. Baada ya "give up" kitenzi huvaa -ing: "I gave up selling." Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeacha sigara: "gave up smoking".

Mwanachama wa Mkunazini: Skuli tuliambiwa "give in your homework". Nani kashindwa hapo?

Hakuna. Hiyo ni "give in" nyingine, ya kukabidhi kazi kwa mwalimu. Utaitambua kwa kuwa ina kitu kinachotolewa. Ile ya kulegea haina.

Mwanachama wa Chake Chake: Nimesoma "His accent gave him away." Lafudhi ilimgawa vipi?

Haikumgawa, ilimfichua. Mpemba akifika Mjini akajifanya mtu wa huko, akifungua mdomo tu watu wanamjua. "Away" humaanisha kitu kimetoka mikononi mwako, na siri nayo hutoka. Ukiona kinachotolewa ni mtu au siri, anza kufikiria kufichua kabla ya kugawa.