Kunukuu kesi: ukurasa upi, na maneno ya nani

Tutumie kesi moja tu, Donoghue v Stevenson, kwa mtindo wa OSCOLA, yaani kanuni za Oxford za kunukuu sheria.

Hatua ya 1: soma anwani ya kesi. [1932] AC 562 maana yake ripoti za Appeal Cases za mwaka 1932, kuanzia ukurasa wa 562. Mabano ya mraba yanakuambia kwamba bila mwaka huwezi kupata kitabu chenyewe. Makala ya jarida la Modern Law Review iliyoandikwa (1957) 20 MLR 1 ni tofauti: juzuu ya 20 inajitosheleza, mwaka ni nyongeza tu, ndiyo maana mabano ni ya mviringo. Ukibadilisha mabano, msahihishaji anajua hukuelewa.

Hatua ya 2: itafute. Kwenye BAILII, tovuti ya bure ya hukumu, utaikuta kama [1932] UKHL 100. Usiinakili namba hiyo kwenye tanbihi. House of Lords, mahakama iliyoamua kesi hii na inayofupishwa HL, ilianza kutoa namba za aina hii mwaka 2001, kwa hiyo za kesi kongwe zilibandikwa baadaye. Andika ya AC.

Hatua ya 3: jua anayesema. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Muhtasari ulio mwanzoni mwa ripoti huandikwa na mwandishi wa ripoti, si jaji. Unakusaidia kujua kesi inahusu nini, lakini haunukuliwi kama sheria. Ruka hadi jina la jaji wa kwanza. Walikuwa majaji watano: Atkin, Thankerton na Macmillan wakampa ushindi mlalamikaji, Buckmaster na Tomlin wakapinga. Hukumu ya Buckmaster ndiyo inayotangulia, na imeandikwa kwa uhakika mkubwa, hivyo anayesoma kurasa chache za mwanzo huondoka na sheria iliyoshindwa. Maneno maarufu kuhusu "jirani" ni ya Atkin, ukurasa wa 580. Tanbihi basi itakuwa:

```
Donoghue v Stevenson [1932] AC 562 (HL) 580 (Lord Atkin).
```

562 ni mlango wa kesi, 580 ni mahali pa maneno yako. Majina ya wadaawa yawe kwa italiki.

Hatua ya 4: sheria ya bunge. Hii ni fupi: Consumer Protection Act 1987, s 2(1). Kwenye legislation.gov.uk hakikisha umechagua "Latest available", si "Original (As enacted)", isipokuwa unajadili historia.

Maswali ya wanachama

*Nimekuta maneno ya Atkin kwenye kitabu cha kiada. Ninukuu kesi?*
Fungua ukurasa wa 580 uyaone mwenyewe, kisha nukuu kesi. Ukishindwa kuipata, taja kitabu ulichosoma na useme kimemnukuu Atkin.

*Hukumu mpya niliyonayo haina kurasa.*
Tazama pembeni, aya zimepewa namba. Aya ya 25 huandikwa [25] mwishoni mwa rejea. Neno "aya" halihitajiki.

*Nikiitaja tena?*
Jina fupi na namba ya tanbihi ya kwanza: Donoghue (n 3) 580. Ukiongeza tanbihi juu yake, rudi ubadilishe hiyo 3.