SOMO: Mpishi kaondoka kabla ya muda. Namna ya kudai ada kwa wakala wa ajira na kuvunja mkataba

Assalaam alaykum wanajukwaa. Tangu msimu uanze nimeulizwa suala hili mara nyingi mno, na kila mara naandika jibu lile lile upya. Leo naliandika lote hapa. Ninasimamia hoteli ndogo Jambiani, na haya yalinikuta mwenyewe.

Hatua ya 1. Tafuta mkataba uliosainiwa. Ankara siyo mkataba, wala meseji za WhatsApp siyo mkataba.

Hatua ya 2. Tafuta ndani yake kipindi cha dhamana, kiwango cha kurejeshewa pesa, siku za kutoa taarifa na notisi ya kuvunja mkataba.

Hatua ya 3. Angalia ulilipa ankara lini. Mikataba mingi inasema dhamana inafanya kazi tu kama ada ililipwa ndani ya siku zilizotajwa. Ukichelewa, wakala ataanza na hilo.

Hatua ya 4. Hesabu siku kabla hujakubaliana chochote na mfanyakazi. Hapa ndipo nilipoumia, someni taratibu.

Mpishi wangu alikuwa na mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Ada ya wakala ilikuwa asilimia 15 ya mshahara wa mwaka: 2,160,000. Dhamana ilikuwa wiki 12. Akiondoka wiki ya 1 hadi ya 4, narejeshewa asilimia 75. Wiki ya 5 hadi ya 8, asilimia 50. Wiki ya 9 hadi ya 12, asilimia 25.

Alianza kazi tarehe 3 Juni. Tarehe 17 Julai akaniletea barua: kapata hoteli nyengine yenye mshahara mkubwa zaidi. Alikuwa bado kwenye majaribio, na notisi yake ilikuwa inaisha tarehe 24 Julai. Mimi nilikuwa na kundi la wageni wa harusi, nikamuomba abaki hadi tarehe 31. Akakubali, nikamshukuru sana.

Sasa hesabuni. Wiki ya 8 ilikuwa inaisha tarehe 28 Julai, siku ya 56. Angeondoka tarehe 24 ningedai nusu ya ada, 1,080,000. Alipoondoka tarehe 31 tulikuwa siku ya 59, wiki ya 9, na haki yangu ikashuka hadi 540,000. Nilibishana na wakala kwamba barua ya kuacha kazi ilikuja wiki ya 7. Lakini kifungu kilisema "tarehe ajira itakapokoma", hakikusema tarehe ya barua. Wakala alikuwa sahihi. Siku tatu zimenigharimu 540,000.

Kwa hiyo soma neno lililotumika. Kama ni tarehe ya notisi, muombe mfanyakazi abaki unavyotaka. Kama ni tarehe ya mwisho ya kazi, fungua kalenda kwanza.

Hatua ya 5. Toa taarifa kwa maandishi, kwenye anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, ndani ya siku zilizotajwa. Mkataba wangu ulisema siku 7. Kumpigia simu yule kijana wa wakala aliyekuletea mtu hakuhesabiki. Taja jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, tarehe anayoondoka, sababu, na kiasi unachodai pamoja na hesabu yake. Ambatisha barua yake ya kuacha kazi.

Hatua ya 6. Dai kwanza, vunja mkataba baadaye. Tarehe 18 Julai, kwa hasira, niliandika barua moja yenye mambo mawili: nataka pesa yangu, na "kuanzia leo mkataba wetu umekwisha". Kumbe kifungu cha dhamana kilisema inatumika "mkataba huu ukiwa hai". Wakala akajibu kwamba nimeivunja dhamana kwa mkono wangu.

Kilichoniokoa ni barua yao wenyewe. Aya ya kwanza ilinikumbusha kuwa kuvunja mkataba kunahitaji notisi ya siku 30. Nikawajibu: basi kwa maneno yenu mkataba ulikuwa hai hadi tarehe 17 Agosti, na mpishi aliondoka tarehe 31 Julai. Wakalipa 540,000. Usitegemee bahati hiyo. Dai, subiri jibu, pokea pesa, ndipo upeleke notisi.

Hatua ya 7. Kwenye notisi ya kuvunja, omba orodha ya watu wote waliokuletea. Mikataba mingi inasema ukimuajiri mmoja wao ndani ya miezi 6 au 12 baada ya kuachana, ada unalipa.

---

MwenyeGestiNungwi: Sheikh, mie mfanyakazi wangu kaondoka, nitarejeshewa pesa ngapi?

Mwandishi: Ni dada, siyo sheikh. Soma hatua ya 2 na ya 4. Mkataba wako sijauona.

MwenyeGestiNungwi: Mkataba sijui nimeuweka wapi, nambie tu kwa kawaida huwa ngapi.

Mwandishi: Hakuna "kwa kawaida". Waombe wakala nakala kwa barua pepe leo, kabla hujawaambia unadai. Ukishaipata njoo.

Kijana_wa_Chake: Dada, ahsante. Mie mhudumu wa mapokezi nilimuachisha mwenyewe, hakuondoka. Dhamana ipo?

Mwandishi: Suala zuri, ndugu yangu. Inategemea sababu. Dhamana nyingi zinahesabu mtu aliyeachishwa kwa kushindwa kazi au utovu wa nidhamu. Zinakataa ukipunguza wafanyakazi, au ukibadilisha kazi mliyokubaliana. Wakala atauliza: ulimuajiri mapokezi, mbona alikuwa anafua mashuka? Weka maandishi ya maonyo uliyompa na tarehe zake, na maelezo ya kazi uliyowapa wakala mwanzo.

Kijana_wa_Chake: Maonyo mawili ninayo, yamesainiwa. Kazi haikubadilika. Lakini wakala anasema hatoi pesa, ataniletea mtu mwengine.

Mwandishi: Tazama nani ana haki ya kuchagua. Ikiandikwa "wakala atatoa mbadala au kurejesha", mara nyingi chaguo ni lake. Basi mdai tarehe: mbadala aletwe ndani ya siku ngapi, na asipopatikana pesa irudi. Liandikwe. Uliza pia kama mbadala ana dhamana mpya au anamalizia iliyobaki.

Bi_Mkubwa_Paje: Mwanangu, niende Kamisheni ya Kazi kumshitaki wakala?

Mwandishi: Shikamoo bi mkubwa. Dai la ada siyo mgogoro wa mwajiri na mfanyakazi, ni la mkataba baina ya biashara mbili. Wakigoma, njia ni usuluhishi kama mkataba unautaja, au mahkama ya madai. Angalia na kifungu cha mahkama: wakala wa Dar wengi huandika mahkama za Bara, na kwa dai dogo nauli ya boti na wakili vinaweza kulizidi dai lenyewe. Hapo suluhu ya nusu ni afadhali.

Bi_Mkubwa_Paje: Marahaba. Nina ankara yao nyengine, ya mtunza vyumba. Nisiilipe mpaka wanirejeshee?

Mwandishi: Usifanye hivyo bila wao kukubali kwa maandishi. Ukichelewesha, unapoteza dhamana ya mtunza vyumba pia. Waandikie uombe wakate deni lao kwenye ankara hiyo, wakupe hati ya marekebisho. Wakikataa, lipa kwa wakati, dai lako liendelee peke yake.

MpishiMstaafu: Mie siku hizi nalipa nusu mtu akianza, nusu akimaliza siku 90. Wakala wawili walikataa, wa tatu alikubali.

Mwandishi: Hii nimeichukua. Kifungu cha dhamana uliwaachia vile vile?

MpishiMstaafu: Tulikifuta. Akiondoka kabla ya siku 90, nusu ya pili silipi, basi. Hakuna kudaiana.