Boga dogo likianguka, tazama saa uliyochavusha

Wenye maboga huku Malindi, mvua za Mei zikishika nyuki hawatoki, na viboga vichanga hugeuka manjano na kudondoka vikiwa kama ndimu. Wengi hukimbilia mbolea, kumbe mara nyingi ni chavua haikufika.

Hapo chavusha mwenyewe kwa mkono. Jioni zunguka shambani. Ua jike lina kiboga kidogo chini ya petali. Dume limesimama juu ya kikonyo chembamba kitupu. Yale yenye ncha iliyoanza kuwa rangi ya chungwa yatafunguka kesho. Mvua ikinukia, funga ncha ya jike na ya dume, kila moja kwa uzi wake laini, kwani chavua iliyolowa haifai kitu.

Asubuhi nenda mapema, kati ya saa 12 na saa 3. Baada ya hapo jua letu la pwani hulinyausha ua, na halifunguki tena kesho yake. Kata dume, banua petali zake, gusa nguzo ya katikati: vumbi la njano likibaki kidoleni, liko tayari. Lipake polepole kwenye kila pande la kichwa cha jike, usiruke hata moja, maana chavua chache huzaa boga lililopinda upande mmoja. Mimi hutumia madume 2 kwa jike 1.

Kiboga kilichoshika huvimba ndani ya siku chache na kikonyo hunenepa. Mmea mchanga ukitoa madume matupu, subiri tu. Majike huja nyuma.