Kapsheni ya bethdei ya mke au mume: namna ya kuiandika bila kuanika ya ndani

Nina steshenari ndogo karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunatengeneza kadi za michango na mabango ya pongezi. Kazi ya kuandika kapsheni ilikuja yenyewe. Mtu anachukua bango lake, halafu anabaki kaunta na simu mkononi: "Dada, kesho ni bethdei ya mke wangu, nisaidie na maneno." Wachache huwa hawana la kusema. Wengi wana mengi mno, na katika hayo mengi ndimo siri za nyumba zinapotokea mlango wa mbele.

Nitaeleza ninavyofanya kwa kutumia kazi moja tu. Mwenyewe ameniruhusu, nami nimebadilisha yale ambayo yangemtambulisha. Ni kaka mmoja mtumishi wa serikali, kati ya waliohama na wizara kutoka Dar es Salaam. Alinifikia na maneno haya, tayari yameandikwa:

"Heri ya kuzaliwa mke wangu kipenzi, leo unatimiza miaka 38. Tumetoka mbali. Mwaka ule niliposimamishwa kazi wewe ndiye uliyelipa kodi na ada za watoto, hukuwahi kunisema. Tulipompoteza mtoto wetu tumboni tulilia wawili. Wapo waliosema hatumalizi mwaka, leo wako wapi? Wewe ni malkia wangu, mke bora, mama bora. Nakupenda."

Ukiisoma unaona kabisa mtu anapenda. Hakuna la uongo hapo. Hata hivyo nilimwambia tusiirushe.

Hatua ya kwanza: kila sentensi iulize, hili ni la nani?

Chukua sentensi moja moja. Ukikuta jambo ni la mwenzio zaidi kuliko lako, huna ruhusa ya kulitoa, hata kama mlilia pamoja.

Mimba iliyoharibika ni ya mwili wa mke. Nilimuuliza yule kaka, "Mama yake anajua?" Akanyamaza. Kumbe mama mkwe hakuambiwa hadi leo, na namba yake imo kwenye simu ya mkwewe. Stetasi ya WhatsApp, kama hujaiwekea mipaka, huonekana na kila uliyemhifadhi naye akakuhifadhi: mkurugenzi, fundi bomba, shangazi, wote. Mama angejua msiba wa binti yake kwa kupitia stetasi, amechelewa miaka.

Kusimamishwa kazi ni la kwake yeye kaka, kwa hiyo nilidhani lina nafuu. Tukalitazama vizuri. Ukisema mkeo alilipa kodi na ada peke yake, umetangaza kwamba ana fedha. Mwaka uleule kuna ndugu waliomwomba akawaambia hana. Sifa uliyompa inakuwa ushahidi dhidi yake.

Ile ya "wapo waliosema" ndiyo ninayoipinga kuliko zote, na ndiyo watu wanaoipenda kuliko zote. Ukitupa jiwe gizani, kila aliye gizani anashika kichwa. Wifi atajiona anasemwa, rafiki wa zamani naye atajiona, na komenti zitaacha kumpongeza mke zianze kutafuta nani alisema. Siku yake imegeuka siku ya maadui zenu. Sentensi ya namna hiyo huwa naifuta bila kujadiliana sana.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Nilimwandikia mume wangu, "Asante kwa kunivumilia mwaka ule wa hospitali." Niliona nimemsifia. Wiki mbili baadaye, msibani, mama mmoja nisiyemfahamu vizuri akanishika mkono mbele ya watu: "Kwani ulikuwa unaumwa nini?" Mume wangu alikuwa amesimama pembeni. Jioni akaniambia, "Nilipongezwa mimi, lakini ukaulizwa wewe." Tangu hapo ugonjwa siuweki kwenye kapsheni ya mtu yeyote, hata uliopona.

Hatua ya pili: tafuta jambo linaloonekana barazani

Baada ya kufuta, yule kaka alibaki na "malkia wangu, mke bora, mama bora, nakupenda". Haya hayamwaniki mtu, lakini hayamhusu mtu pia. Ungeyabandika kwa mke wa jirani yangekaa sawa.

Hapa huwa naweka simu kando na kumwomba mteja anitajie vitu vitatu ambavyo mwenzake huvifanya kwa mikono, ambavyo jirani akipita nje anaweza kuviona. Nasisitiza mikono kwa sababu ukimwambia mtu ataje sifa atakuambia mvumilivu, mchapakazi, mcha Mungu. Mikono huleta picha. Nasisitiza jirani kwa sababu kilichoonekana barazani si siri ya chumbani. Tayari ni cha watu.

Yule kaka akafikiri. Akasema mke wake hufunga kanga ya pili kichwani akianza kufagia. Akasema huwasalimia wauza mboga kwa majina. Halafu akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu: "Maji ya kuoshea mchele hayamwagi. Anayapeleka kwenye mzabibu wetu pale ukutani. Kila jioni. Tulipanda kijiti, sasa umefika paani."

Nikamwambia tumepata. Mtu wa Dodoma anajua maji ni nini na anajua mzabibu ni nini. Hahitaji maelezo.

Hatua ya tatu: anza na picha hiyo, pongezi zifuate

Instagram inaruhusu kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini kwenye mtiririko wa picha huonyesha mwanzo tu, iliyobaki hufichwa hadi mtu aibonyeze. Ukianza na "Heri ya kuzaliwa mke wangu kipenzi wa maisha yangu" umetumia nafasi yote kusema kile ambacho picha ya keki imeshasema. Anza na maji ya mchele.

Tuliandika hivi:

"Nyumbani kwetu maji ya kuoshea mchele hayamwagwi. Mke wangu huyapeleka kwenye mzabibu ulio ukutani, kila jioni. Ulikuwa kijiti, leo umefika paani. Anayetaka kujua mimi ninavyotunzwa, autazame mzabibu ule. Heri ya siku yako ya kuzaliwa, mama watoto wangu. Mungu akuzidishie umri na afya."

Isome mara ya pili ile ya "autazame mzabibu ule". Msomaji wa nje anaona mke mwenye mkono mzuri wa kutunza. Mke mwenyewe anausikia mwaka ule wa bila kazi, kodi na ada, na kwamba hakuwahi kumsema. Yule kaka alikuwa na haki ya kushukuru kwa hilo, na ameshukuru, ila ufunguo wa sentensi wanao wawili tu. Ukiweza kupata sentensi moja ya namna hii, kapsheni imekamilika. Usiongeze ya pili, kwa sababu mafumbo mawili yakikaa pamoja watu huanza kuyafumbua.

Pia angalia tulivyomwita. "Mama watoto wangu" inatosha. Ukiandika mama fulani, umetoa jina la mtoto kwa watu wote, na huyo mtoto hajaulizwa.

Hatua ya nne: ondoa mwaka

Wengi hushangaa nikifuta umri. Si suala la aibu ya kuzeeka. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukirusha pongezi siku yenyewe, siku na mwezi umeshavitoa. Ukiandika "miaka 38", mtu anatoa 38 kwenye mwaka huu na tarakimu nane anazo. Namba nzima bado hajaipata, lakini tapeli anayempigia mkeo akijifanya wa mtandao wa simu huanza kwa kumtajia tarehe yake kamili ya kuzaliwa ili aaminike. Kwa nini umpe wewe?

Mishumaa ya keki yenye tarakimu hutoa siri hiyohiyo. Piga picha keki ikiwa upande wa pili, au kabla haijawekwa mishumaa. Papo hapo kagua kilicho nyuma: namba ya gari, geti la nyumba, sare ya shule ya mtoto yenye nembo. Kata picha kama kuna haja. Na kama mnatoka kwenda kula, kuposti ukiwa bado mezani kunawaambia watu nyumba iko tupu. Subiri mrudi.

Hatua ya tano: mpe mtu mmoja aisome

Njia rahisi ni kumwonyesha mwenyewe kabla. Watu hukataa kwa sababu wanataka kumshtukiza, nami naelewa. Basi muulize swali la juu juu siku chache kabla: "Nikikuposti siku yako, kuna kitu usingependa nikitaje?" Mshtuko hauharibiki, na utajibiwa mambo ambayo usingeyawaza. Kuna dada alimwuliza mumewe hivyo, akamjibu kazini hawajui kama amehamia idara nyingine, asiitaje kazi kabisa.

Ukishindwa kuuliza, soma kwa sauti ukimfikiria mkwe wako ameketi mbele yako. Sentensi itakayokufanya upunguze sauti ndiyo ya kufuta.

Hatua ya sita: yaliyofutwa yaandike kwenye karatasi

Yule kaka alihuzunika kuhusu mtoto. Alisema, "Nisipomtaja, nitakuwa kama nimemsahau." Hilo ni jambo zito na sikutaka alimeze. Nilimpa kadi tupu na kalamu, akakaa kwenye benchi la wateja karibu nusu saa akiandika kwa mkono wake. Sikuisoma. Aliifunga kwenye bahasha akaondoka nayo, na hiyo ndiyo aliyompa mkewe asubuhi kabla ya kuposti chochote.

Mpangilio huo una maana. Mke akishapata barua yake, hataitafuta kwenye posti, wala hatajiuliza kwa nini mumewe ametaja mzabibu akaacha makubwa.

Ukisharusha

Komenti zitauliza mliyoyaacha: anatimiza mingapi, mna miaka mingapi kwenye ndoa, mtoto mwingine lini. Usijibu moja moja kwa maelezo. Yule kaka alijibu "Amina, tunashukuru" kwa wote, na aliyeng'ang'ania umri akamjibu "Mingi yenye baraka." Zilikoma.

Mke wake naye aliandika, chini kabisa, baada ya mashemeji na wafanyakazi wenzake: "Nimeona. Maji ya leo uyapeleke wewe."